Ukoko wa Chokaa Kwenye Birika, Shawa na Bomba: Siki, Ndimu ya Unga au Dawa ya Dukani?

Wasomaji wa Mtwara na Lindi wananiandikia lalamiko lilelile: "Niliweka siki usiku kucha, asubuhi ukoko bado upo." Ukimuuliza aliweka kiasi gani, anasema kikombe kimoja, kwenye birika ambalo ukoko wake unene wake unakaribia sarafu. Siki haikushindwa. Iliisha, njaa ya ukoko ikiwa bado kubwa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo moja: povu likikoma, je, ni ukoko umekwisha au ni asidi imekwisha? Ukijua kulijibu, utajua pia lini utumie siki, lini ndimu ya unga, na lini utoe pesa ya dawa ya dukani.

## Kwanza hakikisha ni chokaa

Pwani ya kusini imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Kiwanda cha saruji cha Msijute, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kinalishwa na mawe hayohayo. Maji yanayopita humo yanabeba kalisi iliyoyeyuka. Ukiyachemsha, au yakikaukia kwenye matundu ya shawa, kalisi inarudi kuwa jiwe.

Lakini si kila kitu cheupe ni chokaa. Visima vilivyo karibu na bahari vina chumvi ya kawaida pia. Chonga kipande kidogo cha ukoko kwa ukucha au kijiti, kisha ukipime mara mbili.

Kiweke kwenye maji matupu na usubiri dakika chache. Kikiyeyuka chote, hiyo ni chumvi. Osha kwa maji ya moto na kitambaa, usinunue chochote.

Kisipoyeyuka, kidondoshee siki au maji ya ndimu. Kikitoa vipovu, ni chokaa na uendelee kusoma. Kisipotoa vipovu hata baada ya kukisaga, siki na ndimu hazitakusaidia sana. Ukiwa wa kahawia ni kutu ya chuma, na ukiwa wa kijani ujue shaba ya bomba lenyewe inaliwa.

## Vitu vya kuandaa

- Siki nyeupe, iliyoandikwa asilimia ya asidi kwenye chupa. Ya kahawia inafanya kazi lakini inaacha rangi na harufu.
- Ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ile inayouzwa kwenye maduka ya viungo.
- Beseni la plastiki. Usitumie sufuria ya alumini, asidi inaila.
- Glavu za mpira, kijiko cha mbao au plastiki, sponji laini, mswaki mkuukuu na vijiti vya meno.
- Spana malaya na kitambaa kinene cha kuizungushia, pamoja na tepu nyeupe ya fundi bomba.
- Chupa tupu ya maji ya lita 1.5 na kamba, kama shawa yako haifunguki.

Ondoa jiki mahali unapofanyia kazi. Jiki ikikutana na asidi yoyote kati ya hizi, hata siki, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kama uliosha bafu kwa jiki asubuhi, suuza kwa maji mengi kabla ya kuanza.

## Tofauti iliyopo kati ya hizo tatu

Zote tatu zinafanya jambo moja: zinaivunja chokaa, gesi inatoka kama povu, na kalisi inabaki ndani ya maji. Zinapotofautiana ni pale kalisi inapokwenda baada ya hapo. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Siki ni dhaifu na ya polepole, lakini kalisi inayoivua inayeyuka vizuri na kubaki majini. Unaweza kuiacha ifanye kazi bila kuisimamia. Udhaifu wake ni ujazo. Lita moja ya siki ya asilimia 5 ina gramu 50 za asidi, na kwa hesabu haiwezi kula zaidi ya gramu 41 hivi za chokaa. Kwa vitendo inakula pungufu, kwa sababu inavyokaribia kuisha ndivyo inavyozidi kuwa mvivu. Kikombe kimoja cha robo lita basi kina uwezo wa gramu kumi tu, na hata hizo kwa bahati.

Ndimu ya unga ina nguvu zaidi kwa ujazo uleule kwa sababu wewe ndiye unayeamua ukali wake, na haina harufu. Gramu 50 za unga zinaweza, kwa hesabu, kula gramu 36 mpaka 39 za chokaa. Tatizo lake ni kwamba kalisi ikiungana na sitriki inatengeneza kitu cheupe kisichopenda kuyeyuka, hasa kwenye maji ya moto sana. Ukiuchemsha mchanganyiko au ukiulaza usiku kucha juu ya ukoko mnene, kitu hicho kinaweza kutua palepale ulipotoa chokaa. Asubuhi unaona weupe, unadhani dawa haikufanya kazi, kumbe umebadilisha ukoko mmoja kwa mwingine.

Dawa ya dukani si kitu kimoja. Nyingine ni ndimu ya unga ileile kwenye pakiti nzuri, na hapo unalipia pakiti. Nyingine ina asidi ya salfamiki (H3NSO3), ambayo ni kali na kalisi yake inayeyuka kirahisi. Hiyo ndiyo inayostahili pesa yako kwa ukoko mnene. Nyingine ina HCl, yaani asidi ya hidrokloriki, na hiyo ni ya choo. Haiingii kwenye birika wala haigusi kromu.

Kuhusu ndimu mbichi, maana najua swali linakuja: maji yake yana asidi ya sitriki karibu asilimia 5, kwa hiyo yanafaa kwa kazi ndogo. Yachuje. Ukwaju uache jikoni. Asidi yake inatengeneza na kalisi kitu kigumu kuyeyuka kuliko hata cha ndimu.

## Birika la umeme: tumia ndimu ya unga

Natoa nafasi kubwa kwa birika kwa sababu ndilo linaloshinda wengi. Tuchukue birika la lita 1.7 lenye sahani bapa chini, kipenyo cha sentimita 14, linalotumia maji ya kisima cha upande wa Mikindani. Ukoko una unene wa milimita moja sakafuni, na utando mwembamba ukutani.

Sakafu hiyo ina eneo la sentimita za mraba 154. Kwa unene wa milimita moja unapata ujazo wa sentimita za ujazo 15, na kwa kuwa ukoko una vitundu ndani, uzito wake ni gramu 30 au zaidi kidogo. Ongeza utando wa ukutani, tuseme 40. Sasa unaona kwa nini kikombe cha siki kilishindwa. Unaona pia kwamba hata gramu 50 za ndimu ya unga kwa mkupuo mmoja ziko ukingoni. Tutakwenda kwa raundi mbili fupi, na ya tatu ikibidi.

1. Chomoa waya, mwaga maji, suuza. Vipande vilivyolegea vitoe kwa kijiko cha mbao. Usikwangue kwa kisu. Mikwaruzo ndiyo mahali ukoko mpya unaposhika kwa urahisi.

2. Chemsha lita moja ya maji matupu, kisha zima na uchomoe. Subiri kama dakika kumi mpaka yaache kufuka kwa nguvu. Tunataka joto kwa sababu linaharakisha kazi, lakini hatutaki maji yanayotokota kwa sababu ya ule weupe wa sitriki. Zaidi ya hapo, unga ukiingia kwenye maji yanayochemka povu linapanda na kumwagika mezani.

3. Weka vijiko vinne vya chakula vya ndimu ya unga, vya kufuta. Hizo ni takriban gramu 50. Weka kimoja kimoja, subiri povu lishuke, ndipo uweke kingine. Kama ukoko umepanda juu ya usawa wa lita moja, ongeza maji na unga kwa uwiano huohuo: lita moja na nusu, vijiko sita. Usivuke alama ya juu kabisa ya birika.

4. Acha dakika 20 mpaka 30. Koroga kila baada ya muda kwa kijiko cha mbao. Asidi iliyogusana na ukoko inachoka, na kukoroga kunaileta nyingine mpya. Usiliwashe birika katika kipindi hiki.

5. Povu likikoma, pima. Chukua nusu kijiko cha chai cha unga mkavu, udondoshe palipo na ukoko uliobaki. Vipovu vikianza upya, asidi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Mwaga yote, suuza, rudia kuanzia hatua ya 2 kwa mchanganyiko mpya. Usiongeze unga kwenye maji ya zamani, kwa sababu tayari yamebeba kalisi na ndiyo yanayoleta weupe.

Visipoanza na chuma kinaonekana, umemaliza. Visipoanza lakini kuna utando mweupe uliofifia, unaotoka kama unga ukiusugua, hiyo ni kalisi ya sitriki. Isugue kwa sponji. Iliyobaki mwagia mchanganyiko mpya wa ndimu, wa baridi, kwa robo saa. Asidi ikiwa nyingi kuliko kalisi, huo weupe unayeyuka.

6. Suuza, chemsha maji matupu, mwaga. Fanya hivyo mara mbili kabla ya kupika chai. Chai ikiwa na uchachu, chemsha na umwage mara ya tatu.

Birika lililofanikiwa lina chuma wazi sakafuni, na maji yake yanachemka bila ule mngurumo mkubwa wa awali. Rangi za upinde wa mvua kwenye chuma zisikutishe. Vitone vyeusi vilivyochimbika ni jambo jingine. Hiyo ni kutu ya mashimo iliyoletwa na chumvi ya maji, na hakuna dawa itakayoirudisha. Kisafishe pia kichujio cha mdomoni. Kitumbukize kwenye mchanganyiko uleule wakati birika linafanya kazi.

Kitako cha birika kisiingie majini kamwe. Na ukitumia siki badala ya ndimu, usiichemshe, mvuke wake utakutoa jikoni ukikohoa.

## Shawa: siki, maana haihitaji kusimamiwa

Ukoko wa shawa umejificha ndani ya vitundu vidogo ambavyo huvioni wala huwezi kuvikoroga. Hapa upole wa siki ni faida. Kalisi yake haitui tena, kwa hiyo unaweza kwenda zako Shangani na kurudi.

1. Funga maji, fungua kichwa cha shawa. Jaribu kwa mkono kwanza. Kikikataa, zungushia kitambaa kinene kisha ukamate kwa spana malaya. Bila kitambaa meno ya spana yanakwangua kromu, na kromu iliyokwanguliwa ndiyo inayoliwa na asidi.

2. Toa washa ya mpira na kile kichujio kidogo cha wavu. Washa ioshe kwa maji tu. Mara nyingi utakuta wavu umejaa mchanga na vipande vya chokaa kutoka kwenye bomba, na hapo umeshapata nusu ya sababu ya maji kutoka kidogo.

3. Laza kichwa kwenye beseni, matundu yakiangalia chini, mimina siki mpaka matundu yafunikwe vizuri. Usiipunguze kwa maji. Ikiwa vuguvugu kiasi cha kuvumilika kwa mkono, itafanya kazi haraka zaidi. Pasha kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, si kwa kuiweka jikoni.

4. Subiri. Plastiki tupu inavumilia usiku kucha. Plastiki iliyopakwa kromu iangalie baada ya saa moja, na usizidishe saa nne. Vipovu vikikoma mapema na matundu bado yana weupe, badilisha siki. Kipimo ni kilekile: tone moja la siki mpya juu ya weupe, utazame kama linatoa vipovu.

5. Sukuma uchafu utoke. Matundu ya mpira yasugue kwa kidole gumba. Ya plastiki ngumu yazibue kwa kijiti cha meno. Sindano inapanua tundu, na baada ya hapo maji yatarusha pembeni siku zote.

6. Suuza kwa nyuma, funga tepu, rudisha. Pitisha maji kutoka upande wa matundu kuelekea upande wa bomba ili vipande vitoke vilikoingilia. Zungusha tepu mara tatu au nne kwenye nyuzi, rudisha wavu na washa, kaza kwa mkono. Spana ni ya robo mzunguko wa mwisho tu kama inavuja.

Umefanikiwa kama kila tundu linatoa uzi ulionyooka. Kama vitundu vimezibuka vyote na maji bado ni dhaifu, acha kulaumu ukoko, uangalie mgandamizo wa maji au urefu wa tangi lako.

Kama kichwa hakifunguki, mafunzo mengi yatakuambia ufunge mfuko wa plastiki wenye siki. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli chupa ni bora. Kata juu chupa ya lita 1.5, toboa matundu mawili karibu na ukingo, pitisha kamba na uining'inize kwenye bomba la shawa ili kichwa kizame. Kama kichwa ni kipana kuliko chupa, kata galoni. Angalia siki isidondoke ukutani. Terazo, marumaru na saruji nyeupe ya kati ya vigae vyote vina chokaa ndani yake. Nyumba za zamani za Mikindani zilizojengwa kwa matumbawe na lipu ya chokaa ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu asidi haiwezi kutofautisha ukuta wako na ukoko wako.

## Bomba: muda mfupi, kitambaa kilicholowa

Hapa kazi ni ndogo. Mdomo wa bomba la kisasa una kichujio kinachofunguka kwa kuzungusha. Kifungue, kitenganishe, kilaze kwenye siki nusu saa, sugua kwa mswaki, suuza. Kikishakuwa kigumu kama jiwe, nunua kingine. Ni kitu cha bei ndogo na muda wako una thamani.

Kwa ukoko wa nje, yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha ndimu ya unga kwenye robo lita ya maji, lowesha kitambaa, zungushia bomba na uache dakika 20. Lowesha tena, ongeza dakika 10 kama bado, kisha suuza na ukaushe. Kitambaa ni bora kuliko kumwagia kwa sababu kinaikamata asidi mahali pa kazi isikimbilie kwenye sinki.

Angalia kromu kabla hujaanza. Palipobanduka pakaonyesha njano ya shaba, dakika 10 zinatosha. Bomba la rangi ya dhahabu, au jeusi la kupakwa, lioshe kwa maji ya sabuni peke yake. Na bomba linalodondoka baada ya kufungwa lina washa iliyochakaa au ukoko kwenye kiti cha washa ndani. Kulisugua nje hakutasaidia.

## Lini ununue dawa ya dukani

Nunua kama birika limepita raundi tatu za ndimu na bado kipimo cha unga kinaonyesha vipovu. Hapo ukoko ni wa milimita kadhaa, na asidi ya salfamiki itakuokolea muda na hata pesa. Inunue pia kama ule weupe wa sitriki umegoma kutoka.

Soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta aina ya asidi, kisha tafuta kama imeandikwa inafaa kwa vyombo vya chakula. Isiyotaja asidi yake iache dukani. Ukiona HCl, irudishe kwenye rafu ya choo. Inachimba chuma kisichoshika kutu na kumenya kromu, tena kwa haraka kuliko utakavyowahi kusuuza. Salfamiki nayo isiguse mabati wala chochote chenye zinki.

Fuata kipimo cha lebo, vaa glavu, na tia dawa kwenye maji, si maji kwenye dawa. Pima kwa dakika, usiilaze. Baada yake chemsha na umwage maji matupu mara tatu.

Kuna mafundi wanaopendekeza maji ya betri. Yakatae, na si kwa sababu ya hatari peke yake. Asidi ya salfuriki ikigusa chokaa inageuza sehemu ya juu kuwa jasi, jasi haiyeyuki kirahisi, na ukoko wa chini unabaki umefunikwa humo. Povu linatoka kwa kishindo, kisha linanyamaza, na ndani hakuna kilichotoka.

## Kuhifadhi kilichobaki

Siki iliyotumika imwage na maji mengi, haina kazi tena. Ndimu ya unga iliyokwisha kuchanganywa usiiweke, inaota ukungu. Unga mkavu uhifadhi kwenye kopo linalobana, kwa sababu unyevu wa pwani unaugandisha kuwa donge, ingawa donge likipondwa linafanya kazi vilevile. Andika jina juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito. Unafanana na sukari, na jikoni kuna watoto.